Sifuri Si Kimya: Uhakiki wa Istilahi za Basi la Data

Katika rasimu ya istilahi za elektroniki ya dijitali inayosubiri kusanifiwa, kuna fungu dogo linalohusu waya ambazo rejista kadhaa huzitumia kwa pamoja kupitishia data. Fungu hilo lina maneno manne ambayo makala haya yanakusudia kuyachunguza: njia kuu, akiba ya hali tatu, hali tupu, na msongamano wa njia kuu. Yote manne ni mepesi kutamka, yana sura ya Kiswahili, na hakuna hata moja lililozua ubishi kikaoni. Mwandishi wa makala haya alikuwamo katika kikao hicho na alikuwa miongoni mwa walioyaunga mkono. Uhakiki unaofuata, basi, ni wa kumsahihisha yeye pia.

Kasoro ya maneno hayo haionekani mtu anapoisoma orodha. Huonekana anapoyachukua maneno na kwenda nayo mezani penye saketi. Huko hudhihirika kwamba kosa la neno la kwanza limezaa kosa la neno la nne, na kwamba neno la tatu humfundisha mwanafunzi jambo ambalo ni kinyume cha ukweli. Kwa sababu hiyo itatubidi tuitazame kwanza saketi yenyewe, ndipo turudi kwenye maneno.

Tuchukue rejista nne, tuziite A, B, C na D. Kila moja ni chipu ya aina ya 74LS374, ambayo huhifadhi biti nane. Tunataka rejista yoyote iweze kuipa nyingine yaliyomo ndani yake. Kama tungeunganisha kila moja na kila nyingine kwa waya zake, tungepata kichaka cha waya kisichofuatika. Badala yake tunaweka waya nane tu, na rejista zote zinafungwa kwenye waya hizo hizo, pande zake za kutolea na za kupokelea. Waya hizo nane ndizo tutakazoziita basi la data. Kupokea hakuna shida, kwani rejista zote nne zaweza kusikiliza kwa wakati mmoja bila kudhuriana. Shida imo katika kutoa. Kwa kila wakati ni rejista moja tu inayoruhusiwa kutoa.

Ili amri hiyo itekelezeke, kila mguu wa kutolea wa chipu umejengwa kwa namna ya pekee. Ndani yake mna transista mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya juu ikipitisha, waya huvutwa kuelekea volti 5, na hiyo ndiyo moja. Ya chini ikipitisha, waya huvutwa kuelekea ardhi, na hiyo ndiyo sifuri. Zote mbili zikifungwa, mguu hauvuti kokote. Rejista bado inayo data yake, lakini mbele ya basi ni kana kwamba waya umekatwa. Mguu nambari 1 wa chipu ndio unaoamua: ukishushwa, rejista inatoa, ukiinuliwa, transista zote za kutolea zinafungwa.

Msomaji aone hapa kwamba sifuri ni tendo. Ili waya uwe sifuri ni lazima transista ifanye kazi ya kuuvuta chini, na huuvuta kwa nguvu. Katika jamii hii ya chipu, mvuto wa chini umepimwa kuwa na uwezo wa kumeza miliampea 24 huku volteji ikibaki chini ya volti 0.5. Mvuto wa juu ni dhaifu zaidi: hutoa miliampea 2.6 tu kwa kiwango kilichohakikishwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kisa kinachofuata.

Mwandishi alipata nafasi ya kukaa na wanafunzi wa chuo kimoja cha ufundi waliokuwa wakijenga saketi hii hasa, wakitumia mwongozo ulioandikwa kwa maneno ya rasimu yetu. Wanafunzi watatu walikuwa wamekwama. Waliijaza A kwa 10110100, wakaichagua ili itoe, na basi likaonyesha 00000000. Wakajaribu tena, ikawa vilevile. C na D nazo zikasomeka sifuri tupu. Tena kila A ilipochaguliwa, mgongo wake ulipata joto.

Mwandishi aliuliza B ilikuwa ikifanya nini wakati huo. Jibu lilikuwa la adabu na la uhakika: "Hiyo haitumiki, mwalimu. Tumeijaza sifuri ili iwe tupu." Mguu nambari 1 wa B walikuwa wameufunga moja kwa moja kwenye ardhi. Kwa maneno mengine, B ilikuwa ikitoa wakati wote, na ilikuwa ikitoa sifuri nane.

Wanafunzi hao hawakuwa wazembe. Mwongozo uliwaambia kwamba saketi ya aina hii ina hali tatu: moja, sifuri, na hali tupu. Na ni nani asemaye Kiswahili ambaye hataona sifuri na utupu kuwa ni ndugu? Katika hesabu za shule, mtungi ambao haumo kitu una lita sifuri. Debe tupu lina kilo sifuri. Wao walifanya kile ambacho neno liliwaelekeza wafanye: walitaka B isiseme kitu, wakaijaza kile ambacho kwao kilikuwa si kitu.

Tufuate sasa kilichotokea kwenye waya. A ilikuwa na biti nne zenye moja. Katika waya hizo nne, transista ya juu ya A ilikuwa ikivuta kuelekea volti 5, na transista ya chini ya B ikivuta kuelekea ardhi. Umeme ulitoka kwenye ugavi, ukapita A, ukaingia kwenye waya, ukapita B, ukaishia ardhini, bila kikinza chochote cha kuuzuia ila transista zenyewe. Jedwali la mtengenezaji husema kwamba mguu wa kutolea wa chipu hii, ukifungwa ardhini, hutoa kati ya miliampea 30 na 130. Mita iliyokuwa kwenye ugavi wa wanafunzi ilipanda kutoka karibu miliampea 130 hadi karibu 370 kila A ilipochaguliwa. Nyongeza ni 240, yaani 60 kwa kila waya mmoja. Kwa volti 5 hiyo ni wati 1.2 zinazogeuka joto bila kazi.

Waya hizo zilipopimwa zilikuwa na volti 0.7 hivi. Kwa chipu za jamii hii, chochote kilicho chini ya volti 0.8 husomeka kuwa sifuri, kwa hiyo msomaji wa basi aliona sifuri safi, bila dalili ya fujo. Na kwa kuwa volti 4.3 zilizobaki zilianguka ndani ya A, sehemu kubwa ya joto ilikuwa huko. Rejista iliyokuwa ikitoa data ya kweli ndiyo iliyoungua, na ile yenye kosa ilibaki na uvuguvugu tu. Fundi anayefuata joto kwa kidole angeibadilisha A, na ile mpya nayo ingeungua.

Lakini kabla mwandishi hajafika, wanafunzi walikuwa wameshajaribu dawa. Katika mwongozo walikuwa wameona kwamba rejista nyingi zikiwa kwenye njia kuu moja huweza kutokea msongamano. Dawa ya msongamano kila mtu aijua: punguza mwendo au panua barabara. Barabara hawakuweza kuipanua, kwa hiyo walipunguza mwendo. Saa ya saketi ilikuwa ikipiga megahezi 4. Wakaishusha hadi kilohezi chache, kisha wakaiondoa kabisa na kuweka kitufe cha kubonyeza kwa mkono. Hapo A ikazidi kuwa moto. Na ndivyo ilivyopasa iwe. Saa ilipokuwa ikienda mbio, A ilichaguliwa kwa robo tu ya muda wote, na robo tatu zilizobaki ilipoa. Waliposimamisha saa kwenye A ili waitazame vizuri, A ikabaki katika mapambano mfululizo.

Huu ndio uzito wa jambo. Neno liliwapa wanafunzi picha, picha ikawapa dawa, na dawa ikaongeza ugonjwa.

Turudi sasa kwenye rasimu, tuanze na njia kuu. Hoja iliyotolewa kikaoni ni kwamba neno basi limekwisha kuchukuliwa na gari la abiria, na tena ni kiunganishi tunachokitumia kila dakika. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Sentensi "ikiwa rejista imeachia, basi basi liko huru" inachekesha, na mwalimu atakayeisoma darasani atachekwa. Hata hivyo gari na waya zina asili moja. Yote mawili yametokana na neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote". Gari liliitwa hivyo kwa kuwa ni la kila mtu, si la mwenye gari peke yake. Na pao la shaba la kugawia umeme likaitwa hivyo kwa kuwa mashine zote hufungwa kwake. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyelipokea neno kwa maana ya gari ameshapokea nusu ya maana.

Njia kuu, kwa upande wake, ni barabara. Barabarani magari mengi hupita kwa pamoja, moja nyuma ya jingine, na kila moja lina mahali pake. Katika basi la data hakuna foleni. Waya mzima, tangu mwanzo hadi mwisho, una thamani moja kwa wakati mmoja. Wawili wakiutumia hakuna aliye mbele wala aliye nyuma. Picha ya barabara ikishaingia, msongamano haukwepeki, kwani ndio ajali ya kawaida ya barabara. Kamati haikukosea mara mbili. Ilikosea mara moja, kisha ikawa thabiti katika kosa lake.

Kwa jambo lililotokea kati ya A na B mwandishi anapendekeza neno mvutano. Mmoja anavuta juu, mwingine anavuta chini, na waya umo katikati kama kamba. Neno hili lina faida ambayo msongamano hauna: linamfanya msikilizaji aulize ni nani na nani wanaovutana, na hilo ndilo swali la kwanza ambalo fundi apaswa kuuliza. Pia linaeleza joto, kwa kuwa kila aliyewahi kuvuta kamba anajua kwamba kamba yaweza kusimama palepale huku wavutaji wakitokwa na jasho. Pingamizi litakuwa kwamba fizikia ya shule hulitumia shina hilo hilo kwa nguvu ya dunia ya kuvuta vitu. Hata hivyo fizikia imezoea kusema uvutano, nasi twaweza kuiachia umbo hilo.

Lakini mvutano usitumiwe ovyo. Yapo mabasi ambayo wawili kuvuta kwa pamoja si kosa. Basi la Unibus la mashine za PDP-11, lililotoka mwaka 1970, na lile la I2C la kampuni ya Philips, lililotoka mwaka 1982, yalijengwa kwa miguu isiyokuwa na transista ya juu. Kila mmoja aweza kuvuta chini tu, na vikinza vya pamoja ndivyo huuinua waya wote wanapoachia. Wawili wakivuta chini, wanavuta upande mmoja, na hakuna kinachoungua. Katika I2C desturi hiyo hutumika hata kuamua nani ana haki ya kuendelea. Huko tutahitaji neno jingine, labda ushindani, na kamati ingefanya vyema kuyatenganisha mawili haya tangu sasa.

Neno akiba halihitaji maneno mengi. Limechukuliwa kutoka katika programu, ambako kweli huwa ni mahali pa kuwekea data ikisubiri. Saketi tunayoizungumzia haiweki kitu. Chochote kinachoingia upande mmoja hutoka upande wa pili baada ya nanosekunde chache, kikiwa na nguvu zaidi. Kazi yake ni kusukuma. Neno la kwanza lililomjia mwandishi lilikuwa kisukuma, lakini Wasukuma wangekuwa na haki ya kutushtaki kwa kuwanyang'anya lugha yao. Kisukumizi kinafaa, na hakijatumika kwingine katika rasimu.

Tumefika kwenye hali ya tatu, ambayo ndiyo kiini. Wanaoitetea hali tatu husema kwamba ndilo jina la kimataifa. Ukweli ni kwamba jina hilo lilianza kama alama ya biashara ya kampuni ya National Semiconductor, ambayo ilinunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011. Makampuni mengine, yasiweze kulitumia, yakaandika tarakimu ya tatu na neno hali, na hivyo jina likaenea katika sura mbalimbali. Ni jina la sokoni. Linahesabu bila kueleza: linasema hali ni ngapi, halisemi ya tatu ni nini. Anayelitafsiri hulazimika kuijaza nafasi hiyo, nasi tuliijaza kwa neno tupu.

Kinachotakiwa ni neno la kuonyesha kwamba rejista imeacha kuvuta ingawa ina data yake. Mjumbe mmoja alipendekeza kwa utani kung'atuka, neno ambalo Mwalimu Nyerere alilitoa katika Kizanaki na kulieneza alipouacha urais mwaka 1985. Kwa kweli utani huo uko karibu na ukweli kuliko hali tupu, maana anayeng'atuka hapotezi alichonacho kichwani, huacha kushika usukani tu. Lakini aliyeng'atuka harudi, na rejista yetu hurudi mara milioni kwa sekunde. Neno la kawaida kuachia latosha: rejista huachia basi, huwa katika hali ya kuachia, nacho chombo ni kisukumizi chenye kuachia. Mwanafunzi akiambiwa "B iachie basi" hatajaza sifuri. Atautafuta mguu nambari 1.

Ubora wa neno hili unathibitishwa na lugha ya kompyuta inayotumika kuelezea saketi, Verilog, ambayo huandika kuachia kwa herufi z. Saketi yetu, ikiwa sahihi, huandikwa hivi:

```verilog
assign basi = (!g && chagua == 2'd0) ? a : 8'bz;
assign basi = (!g && chagua == 2'd1) ? b : 8'bz;
```

na vivyo hivyo kwa C na D. Maana yake: ikiwa zamu ni yako, toa, la sivyo, achia. Kosa la wanafunzi lingeandikwa `assign basi = b;` na mashine ya kuigizia saketi isingetoa sifuri nane. Ingetoa `x0xx0x00`, ambapo herufi x ina maana ya "haijulikani", na huonekana palepale ambapo A ina moja na B ina sifuri. Mashine hukataa kukisia. Saketi halisi hukisia, na kwa jamii hii ya chipu hukisia kwa kumpa ushindi mwenye sifuri. Ndiyo sababu kosa hili hujificha vizuri mezani. Kwa chipu za jamii ya HC, ambazo mvuto wake wa juu na wa chini unakaribiana, waya hukaa karibu na volti 2.5, na hapo hata osiloskopu ya bei ndogo humfichua mkosaji.

Kosa la mguu nambari 1 liliposahihishwa na B ikapewa zamu yake kama wenzake, saketi ilisoma vizuri. Lakini saa iliporudishwa kwenye megahezi 4, osiloskopu ilionyesha vichomo vyembamba kwenye ugavi kila zamu ilipobadilika. Huo ni mvutano wa aina ya pili, mfupi, na unastahili nafasi kwa kuwa rasimu ina neno lake.

Zamu hugawiwa na chipu ndogo ya 74LS139, ambayo hupokea biti mbili na kushusha mmoja kati ya miguu yake minne. Nitaiita king'amuzi, neno ambalo watazamaji wa televisheni wamelisanifu bila kutusubiri. Zamu ikihama kutoka B, ambayo ni 01, kwenda C, ambayo ni 10, biti zote mbili hubadilika, na hazibadiliki sawia hata siku moja. Kwa nanosekunde chache king'amuzi huona 00 au 11, nacho huamka A au D ambayo haikuitwa. Zaidi ya hayo, B huchelewa kuachia huku C ikianza kuvuta. Rejista mbili au tatu hukutana kwenye basi kwa muda mfupi, na hukutana tena katika kila mzunguko.

Hapa kupunguza mwendo husaidia kidogo, kwa maana kwamba vichomo hupungua idadi, lakini kila kimoja hubaki na ukubwa ule ule. Dawa ya kweli ni kuweka kipindi ambacho hakuna anayetoa. King'amuzi kina mguu wa kukizima, ambao katika maandishi ya juu ni g. Mguu huo ukifungwa kwenye saa yenyewe, nusu ya kwanza ya kila mzunguko itakuwa ya wote kuachia, na nusu ya pili ya mmoja kutoa.

Tupime kama muda unatosha. Kwa megahezi 4 mzunguko mmoja ni nanosekunde 250, na nusu yake ni 125. Tukikadiria kwa uangalifu nanosekunde 40 kwa king'amuzi na 30 kwa rejista kuachia, wote watakuwa wameachia ifikapo ya 70, na zinabaki 55 za salama kabla ya nusu ya pili. Biti za zamu nazo zitakuwa zimetulia ndani ya muda huo. Nusu ya pili inapoanza tunahitaji 40 za king'amuzi, 30 za rejista kuanza kutoa, na 20 za data kutulia mbele ya rejista inayopokea. Jumla ni 90 kati ya 125, zinabaki 35. Kwa megahezi 6 nusu ya mzunguko ni nanosekunde 83 tu, na hesabu hiyo hukataa. Mpaka wa saketi hii uko karibu na 5.

Liko jambo moja la kuangaliwa. Ukingo wa saa unaomwambia mpokeaji anakili ndio huo huo unaomzima mtoaji. Saketi hufanya kazi kwa kuwa mtoaji huchukua muda kuachia, na waya hushikilia volteji yake kwa kitambo. Waya wa saa unaokwenda kwa mpokeaji ukiwa mrefu mno na ukapita kwenye chipu nyingine njiani, akiba hiyo ndogo ya muda huliwa, na mpokeaji hunakili basi lililokwisha kuachiwa.

Kipindi hicho cha kutotoa, rasimu inakiita muda mfu. Hakina kifo ndani yake, kwani ndicho kinachookoa chipu. Muda wa kimya ni jina bora, nalo lingemzoesha mwanafunzi kutofautisha kimya na sifuri.

Kimya nacho kina hatari yake. Basi lililoachiwa na wote huelea. Waya hauko juu wala chini. Chipu za jamii ya LS mara nyingi huusoma waya kama huo kuwa moja, kwa hiyo basi lisilo na mtoaji huonyesha 11111111. Chipu za jamii ya HC hazina desturi hiyo; waya unaoelea huweza kutulia katikati, na pande za kupokelea zikaanza kula umeme na kutetemeka. Kikinza cha omu 10,000 kutoka kila waya hadi volti 5 huondoa tatizo hilo, kwani huuvuta waya kwa upole ambao kisukumizi chochote hukishinda.

Mtu akiona volti 1.5 kwenye waya, atajuaje kama waya unaelea au uko katika mvutano? Achukue kikinza cha omu 1,000, ashike ncha moja kwenye waya, na ncha ya pili aiguse kwenye volti 5, kisha ardhini. Waya unaoelea utahama kwa wazi kila upande. Waya ulio katika mvutano hautajali, kwa sababu miliampea chache za kikinza si kitu mbele ya zile 60 zinazopita. Rasimu haina neno hata moja la kuelea. Ni pengo, kwa kuwa kuelea na mvutano ni makosa mawili yanayofanana kwa sura na yana dawa tofauti kabisa: moja linataka mtoaji aongezwe, jingine linataka mtoaji aondolewe.

Baadhi ya wajumbe wamesema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, na kwamba fungu zima laweza kuachwa. Ni kweli kwamba ndani ya chipu za siku hizi mabasi ya aina hii yamepungua sana. Wahandisi hutumia saketi ya kuchagua mtoaji mmoja kati ya wengi, ambayo haiwezi kuleta mvutano kwa vile ilivyojengwa, na zana za kuundia saketi huyageuza maandishi yenye z kuwa saketi za namna hiyo. Lakini pale waya zinapotoka nje ya chipu, kama vile kati ya kichakataji na kumbukumbu yake, data bado huenda na kurudi kwenye waya zile zile, na mmoja hulazimika kuachia ili mwingine atoe.

Mwandishi anaiomba kamati ilirudishe fungu hili mezani kabla ya kusanifiwa, na iyafikirie maneno basi la data, kisukumizi chenye kuachia, kuachia, mvutano, kuelea na muda wa kimya. Kati ya hayo, yuko tayari kuacha lolote litakalopatiwa lililo bora, isipokuwa moja. Hali tupu ifutwe hata kama kuachia hakutakubaliwa. Mwongozo wa chuo kile bado unasomwa, na ukurasa wake wa hali tatu haujabadilika.